Muthoni hakumwacha Kristo wala ukoo: ni nani aliyemuuliza?

Hapa kwetu Muhumba maji yanatuzunguka karibu pande zote. Ukitoka nyumbani ukashuka kidogo, unakuta Ziwa Kivu. Labda ndiyo maana vijana wa shirika letu walikipenda upesi kitabu ambacho habari zake zote zinaanza na kuishia ukingoni mwa maji. Kitabu chenyewe ni riwaya ya Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between, iliyotoka mwaka 1965. Kwa Kifaransa inaitwa La Rivière de vie, na nakala iliyofika kwetu ilikuwa moja tu, yenye kurasa zilizolegea, ikizunguka kutoka mkono hadi mkono.

Jumapili moja baada ya misa tulibaki kuizungumzia. Dada mmoja akauliza swali fupi: huyu Muthoni, alikuwa wa upande gani? Papa mmoja, mtu wa sala sana, akajibu bila kungoja kwamba msichana huyo alikuwa Mkristo aliyepotea, na mwisho wake ni fundisho kwa wengine. Mzee mwingine, anayeheshimu sana mambo ya Bushi, akasema hapana, alikuwa mtoto wa kabila lake aliyekataa kugeuzwa mzungu. Wakabishana karibu saa nzima. Nami nikiwa nimekaa kando niliona kwamba wazee wetu hao wawili wamekwisha kuingia ndani ya kitabu bila kujua. Walikuwa wakifanya jambo lilelile wanalofanya watu wa riwaya: kumgawana msichana aliyekufa.

Kwa msomaji ambaye hajakisoma, nieleze kidogo. Kuna miinuko miwili inayotazamana, Kameno na Makuyu. Katikati unapita mto Honia, mto usiokauka hata wakati wa kiangazi. Kameno ni nyumba ya mila. Huko anakaa mzee Chege, mwenye kutunza unabii wa zamani, pamoja na mwanawe Waiyaki. Makuyu ni nyumba ya wasali, na kiongozi wao ni Joshua, aliyeongoka akiwa kijana katika misioni ya Siriana, akarudi kuhubiri kwao. Joshua si mnafiki. Anaamini kweli, anaimba kweli, anaogopa Mungu kweli. Tena anaumia moyoni kwa sababu mke wake Miriamu alitahiriwa kabla ya kuokoka, na anamwomba Mungu amsamehe kwa kuoa mwanamke wa namna hiyo.

Joshua ana mabinti wawili, Nyambura na Muthoni. Siku moja wanateka maji Honia, na Muthoni anamwambia mkubwa wake kwamba ameamua kutahiriwa. Nyambura anashtuka karibu aangushe chombo. Anamkumbusha kwamba baba yao ni nani, na kwamba wao ni Wakristo. Jibu la Muthoni ndilo moyo wa kitabu chote. Anauliza: baba na mama nao hawakutahiriwa? Je, hilo limewazuia kuwa Wakristo? Yeye anampenda Mungu wa wazungu, lakini anataka pia kuwa mwanamke kamili mbele ya watu wake. Anavitaka vyote viwili.

Tazameni vizuri anachosema. Muthoni hana shaka juu ya Mungu. Hana shaka juu ya Yesu. Shaka yake ni juu ya ukuta ambao baba yake amejenga katikati ya Yesu na ukoo. Ni shaka ya mtu anayeamini, si ya mtu anayetaka kutoka. Katika makanisa yetu tumezoea kudhani kwamba anayeuliza ameanza kuacha. Ngũgĩ anatuonyesha msichana anayeuliza kwa sababu anataka kubaki, na kubaki mzima, bila kukatwa nusu.

Joshua hasikii swali hilo kamwe. Muthoni anatorokea Kameno kwa shangazi yake, na baba anatamka kwamba kuanzia siku hiyo huyo si mtoto wake. Sherehe inafanyika ukingoni mwa Honia, msimu uleule Waiyaki naye anapoingia jandoni. Vidonda vya wengine vinapona. Cha Muthoni hakiponi. Siku zinapita, homa inapanda, anakonda. Mwishowe Waiyaki na vijana wenzake wanambeba hadi hospitali ya misioni kule Siriana, na huko anakufa. Kabla ya kukata roho anampa Waiyaki ujumbe wa Nyambura: kwamba anamwona Yesu, na kwamba sasa yeye ni mwanamke wa kabila lake. Mpaka pumzi ya mwisho anavishika vyote viwili kwa mikono yake miwili.

Sasa ndipo kitabu kinapokuwa kikali. Kila nyumba inachukua maiti hiyo na kuitumia. Joshua hatoi machozi. Kwake Muthoni alikwisha kufa siku alipokwenda Kameno, na sasa kifo ni onyo kwa wanaotaka kurudi kwenye giza. Wakubwa wa misioni wanaona ushahidi kwamba mila ni uovu wa kung'olewa, na wanaweka sheria: mtoto ambaye wazazi wake hawajaikataa tohara hatasoma tena Siriana. Chege naye anaona ni adhabu kwa Joshua aliyewasaliti wahenga. Kabonyi, aliyekuwa Mkristo pamoja na Joshua, anajitenga na kuwa mkali wa mila kuliko waliozaliwa ndani yake. Watu wote hao wanasema juu ya Muthoni. Hakuna hata mmoja anayerudi kwenye swali alilouliza kule mtoni.

Ngũgĩ hakubuni ugomvi huu hewani. Mwaka 1929, katika nchi ya Wagikuyu, misioni kadhaa za Kiprotestanti, ya Waskoti ikiwa mbele, ziliwataka waumini waape kuikataa tohara ya wanawake. Kiapo kiliwekwa kwa alama ya dole gumba, na watu wakakiita kirore. Wengi walikataa kuweka dole, wakatoka makanisani kwa makundi, na watoto wao wakafukuzwa shule. Ndipo zikaongezeka shule za kujitegemea zilizoendeshwa na Waafrika wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku hata wimbo wa ngoma uliowasuta wamisionari na wafuasi wao, uliojulikana kama Muthirigu. Kwa hiyo shule ya Marioshoni ambayo Waiyaki anaijenga katika riwaya, baada ya kutoka Siriana, ina mizizi katika mambo yaliyotokea kweli. Ngũgĩ mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1938, alisoma kwanza shule ya misioni, kisha shule ya kujitegemea. Alikunywa maji ya ng'ambo zote mbili.

Hapa lazima niseme wazi msimamo wangu, kwa sababu katika mazungumzo yetu kuna kijana aliyefikiri kwamba kitabu kinatetea kukeketa wasichana. Mimi naona kukeketa ni kosa, na kifo cha Muthoni kinanitosha kuwa sababu. Kenya yenyewe ilitunga sheria kali ya kukataza jambo hilo mwaka 2011. Tena hapo ndipo ninapoona udhaifu wa riwaya. Ngũgĩ anaeleza sana uzuri wa kuwa mtu wa kabila, lakini kidonda chenyewe anakipitia haraka. Mwili wa Muthoni unakuwa alama ya mambo makubwa, na maumivu yake kama maumivu yanapata nafasi ndogo. Msomaji wa kike katika kikundi chetu ndiye aliyelisema hilo kwanza, sisi wanaume tukanyamaza.

Lakini kuwa upande wa haki hakutoshi. Wamisionari wa mwaka 1929 walikuwa na haki kusema kwamba kisu kinadhuru. Walichokosea ni njia. Walifanya jambo la mwili wa msichana kuwa mtihani wa utii kwao, na adhabu wakaipeleka kwa mtoto asome au asisome. Matokeo yake kisu kikawa bendera. Watu ambao pengine wangekubali kuzungumza juu ya kidonda, sasa walikitetea kwa sababu waliona kwamba ardhi yao imechukuliwa, na sasa hata nyumba yao inachukuliwa. Ukitaka kujua kama imani imegeuka kuwa amri tupu, angalia kama bado kuna mtu anayeruhusiwa kuuliza bila kufukuzwa. Kule Makuyu hakuna.

Na upande wa mila je? Nao wanaanguka shimo lilelile, kwa mlango mwingine. Wazee wanaunda baraza lao, Kiama, ili kulinda usafi wa kabila. Mwanzoni ni jambo la kueleweka. Lakini Kabonyi anaingia humo na wivu wake. Anamchukia Waiyaki kwa sababu vijana wanamfuata, na anagundua kwamba neno “usafi” linaweza kuwa kamba ya kumfunga nayo. Waiyaki anampenda Nyambura, dada wa Muthoni, msichana asiyetahiriwa, mtoto wa Joshua. Basi mapenzi hayo yanageuzwa kuwa uhaini.

Waiyaki naye si malaika. Kuna siku wazazi wamejaa Marioshoni, na yeye amekusudia kuwahubiria upatano kati ya miinuko miwili. Watu wanashangilia, wanadai shule zaidi, damu yake inachemka, anasema ya shule na kusahau ya upatano. Anajilaumu baadaye. Anapolikumbuka neno hilo, wakati umekwisha. Mwishoni umati unakusanyika kando ya Honia, na anatakiwa amkane Nyambura. Hawezi. Wote wawili wanakabidhiwa kwa Kiama wahukumiwe, na watu wanarudi makwao gizani, kila mmoja akiepuka macho ya mwenzake. Hatuambiwi hukumu. Tunaambiwa aibu. Mtu aliyeshinda kwa haki haoni aibu kumtazama jirani yake.

Wengine watasema hayo ni ya Wagikuyu, sisi wa Bukavu yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Swali la Muthoni liliulizwa pia na padri wa hapa kwetu, tena kwa kalamu ya msomi. Vincent Mulago, mtoto wa Bushi, alisoma Roma, na mwaka 1956 alikuwa mmoja wa mapadri weusi waliotoa kwa pamoja kitabu cha kuuliza jinsi Injili inavyoweza kukaa Afrika bila kumfukuza Mwafrika ndani ya ngozi yake. Alichunguza namna Bashi, Banyarwanda na Barundi wanavyoelewa uhai: kwamba mtu haishi peke yake, uhai wake umeungana na wazazi, na wahenga, na watakaozaliwa. Hakusema kwamba Kanisa ni adui wa muungano huo. Alisema hapo ndipo Kanisa linapoweza kuanzia. Kitabu chake kikubwa juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1965, mwaka uleule wa riwaya ya Ngũgĩ. Mmoja aliandika kama mwanateolojia, mwingine kama mtunga hadithi, na sijui kama walisomana, lakini walisimama penye mto mmoja.

Tofauti ni kwamba kwa upande wetu kuna mahali ambapo swali lilipata jibu. Mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa misa kwa majimbo ya Zaire, ambamo tunawaita wahenga wenye moyo mnyofu pamoja na watakatifu. Jumapili tunacheza kuelekea altare bila mtu kuhisi kwamba amemsaliti Kristo. Muthoni angekaa raha katika misa hiyo. Miaka mingi ya kuuliza kwa subira ilizaa kitu.

Tulikuwa pia na akina Kabonyi wetu. Wakubwa wetu wanakumbuka mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipoamuru majina ya Kikristo yaachwe kwa ajili ya otantisite. Kadinali Malula wa Kinshasa alipopinga siasa hiyo alitolewa katika nyumba yake akaenda kukaa Roma kwa muda. Mtu angeweza kusema, si vizuri kurudi kwa majina ya babu zetu? Ni vizuri, ukichagua mwenyewe. Ngũgĩ naye aliacha jina la James, alilolitumia kusaini riwaya hii ilipotoka. Mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa Afrika Mashariki akasema kwamba yeye si mtu wa kanisa, na mzee mmoja akainuka kumkemea kwamba jina lake lenyewe linamshuhudia kuwa Mkristo. Baadaye alilibadili kwa hiari yake. Kuacha jina kwa hiari na kunyang'anywa jina kwa amri ni mambo mawili, hata kama jina jipya ni lilelile. Mila inayokuja na askari nyuma yake imekwisha kuwa kitu kingine.

Nirudi sasa kwenye shirika letu, maana swali la yule dada halikuwa la kitabu tu. Katika mitaa yetu kuna wanandoa wengi vijana ambao wamekaa pamoja miaka, wana watoto, lakini mahari haijamalizika. Familia ya msichana inasema: ng'ombe bado, hatuwezi kutoa baraka. Kanisa linasema: bila ndoa takatifu hakuna komunyo. Mama wa watoto anakaa benchi la nyuma, anaangalia wenzake wakienda kupokea, na kila upande una sababu yake nzuri. Familia inalinda heshima ya binti. Kanisa linalinda sakramenti. Na huyo mama, ambaye heshima na sakramenti vyote vilifanywa kwa ajili yake, ndiye asiyekuwa na mahali.

Huyo ndiye Muthoni wa Muhumba. Hana shaka juu ya Mungu. Angekuwa nayo asingekuja kila Jumapili. Hadharau mila; angekuwa anaidharau angekwisha kutoroka na mume wake bila kungoja ng'ombe hata mmoja. Anataka vyote viwili, na amekwama katikati kwa sababu wazee wa ukoo na wazee wa kanisa hawajawahi kuketi kwenye meza moja, yeye akiwepo.

Sisemi kwamba jibu ni rahisi. Sidai kanisa lifute sheria yake kesho, wala kwamba mahari itupwe ziwani. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani kinawezekana hata juma hili. Viongozi wa shirika wanaweza kufika kwa baba wa binti kabla ya kumhukumu binti. Wajomba wanaweza kukubali kwamba ng'ombe wanaobaki ni deni la mume, si kifungo cha roho ya mke. Na padri anaweza kumwita mama huyo amsikilize, si kumsomea kanuni anayoijua tayari. Familia nyingine hapa mjini zimekwisha kufanya hivyo: zinapokea sehemu, zinatoa baraka, ndoa inafungwa kanisani, na deni linaendelea kulipwa polepole. Mila haikufa kwa hilo. Imani haikupungua.

Jumapili ile nilipowaambia wazee wetu wawili mawazo haya, yule papa wa sala alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye angemtembelea Muthoni hospitalini. Mzee wa mila akasema naye angembeba. Yule dada aliyeuliza swali akawatazama wote wawili, akasema: “Vizuri, wazee wangu. Lakini mungemuuliza nini mukifika?”

Hatukupata jibu siku ile. Nakala yetu moja ya kitabu sasa iko kwa yule papa, na amesema hairudishi mpaka amalize kuisoma mara ya pili.